Mbwa hayupo uwanja wa ndege: mazungumzo yangu na wafuga mbwa

(Haya niliongea kwenye kikao chetu cha wafuga mbwa hapa Dar, watu wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni kwa hiyo msinishike kwenye mpangilio.)

Wazee shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Mwenyekiti kasema nina nusu saa, mimi kazi yangu mnaijua, ni wakala wa kutoa mizigo uwanja wa ndege, kontena na maboksi ndo maisha yangu, ila humo humo huwa wanapita mbwa, paka, mara chache na ndege, na ndo maana watu wananipigia simu wakitaka kujua mbwa wao amefika au bado. Na simu hizo nimeanza kuzigawa mafungu mawili. Kuna mtu ananipigia anasema nina mbwa anakuja wiki ijayo, hii hapa namba ya mzigo, kibali ninacho, nisaidie kumtoa. Huyo hana shida. Halafu kuna yule ananipigia sauti iko chini, anasema kaka mbwa wangu amekwama, wanataka hela nyingine. Huyo wa pili, na hapa nasema kwa uzoefu wangu tu, sijawahi kumkuta ana mbwa. Mbwa hayupo. Hajawahi kuwepo, mwenye simu katapeliwa.

Niwape kisa kimoja na hesabu zake maana mwenyewe kanipa ruhusa nikiseme bila jina. Dada mmoja wa hapa hapa mjini aliona tangazo Facebook, familia iko Cape Town inahama, inauza kitoto cha mbwa aina ya Maltese, wale weupe wadogo wenye manyoya kama pamba, wiki nane, dola 250. Wenye kuwajua hao mbwa mnajua hiyo bei haifiki hata nusu ya bei yake. Akaandika, akajibiwa vizuri sana, yaani yeye ndo akaanza kuulizwa maswali, una uzio? una watoto? umewahi kufuga? nani atabaki naye mchana? Dada akajiona yuko kwenye usaili, akafurahi alipoambiwa amefaulu. Hapo ujanja umeshafanya kazi, maana mtu akikuhoji hivyo wewe unasahau kumhoji yeye.

Akatuma 250. Kesho yake ikaingia barua pepe ya kampuni ya usafirishaji, ina nembo, ina picha ya ndege, ina tovuti yenye sehemu ya kufuatilia mzigo, unaweka namba unaona "amepokelewa", "yuko njiani kwenda uwanja wa ndege". Barua inasema mbwa ni mdogo mno kwa kreti la kawaida, sheria zinataka kreti la umeme lenye kiyoyozi, ni la kukodi dola 180, na hapo hapo imeandikwa 150 zitarudishwa mkononi mbwa akifika. Akalipa. Siku mbili mbele, ikaja ya bima. Dola 320, na yenyewe inarudishwa yote mbwa akishakabidhiwa. Akalipa. Halafu ikaja ya karantini dola 400, na hapo ndo akanipigia.

Sasa tulieni hapa kwenye bima kwanza. Mbwa kanunuliwa dola 250, bima yake 320. Bima ni kubwa kuliko mbwa! Bima halisi ya mnyama anayesafiri ipo, unakatia kwenye kampuni ya bima kabla hajapanda ndege, na unacholipa ni sehemu ndogo tu ya thamani yake. Na hela ya bima hairudi. Wewe ukikatia gari bima, mwaka ukaisha hujagonga mtu, kuna mtu anakufuata anakurudishia hela yako? Basi ukiona mtu anakwambia bima inarudishwa ujue hiyo sio bima, kaokota neno tu.

Kreti la kiyoyozi na lenyewe halipo. Mimi nayaona makreti kila mwezi, ni plastiki ngumu, lina matundu ubavuni, mlango wa nyavu za chuma, kibakuli cha maji kimefungwa kwa ndani mlangoni, na stika ya kuonyesha ndani kuna mnyama hai. Linatakiwa mbwa aweze kusimama bila kichwa kugusa, ageuke, alale vizuri, basi. Joto la sehemu ya mizigo linashughulikiwa na ndege yenyewe, sio kreti. Na kreti linanunuliwa kabisa, mbwa anakuja nalo, linabaki kwako, wengi wenu hapa mmeyageuza vibanda.

Lakini kitu ninachotaka mkielewe zaidi ni hilo neno "itarudishwa", maana ndo injini ya utapeli wote huu. Angalieni hesabu ya yule dada anavyoiona yeye kichwani. Wakati anaombwa 320 ya bima, kishatoa 250 na 180, jumla 430. Kwa hiyo swali kichwani kwake haliwi "nitoe 320?", swali linakuwa "niache 430 zipotee?" Na hata hiyo 320 yenyewe kaambiwa inarudi, kwa hiyo anaona kama anaiweka tu mahali. Ikija ya karantini 400, kishatoa 750. Tena anaona anatoa kidogo kuokoa kikubwa, na kila akitoa, hicho kikubwa kinazidi kukua, ndo maana mtu mwenye akili zake timamu, msomi, ana kazi nzuri, anafika mpaka mara ya tano, mara ya sita. Watu wanasema tamaa. Mimi sikubali. Tamaa ya nini kwa mbwa wa dola 250? Huyo alishamchagulia mbwa jina, watoto nyumbani wanauliza anakuja lini, na kwenye simu kuna picha ya kiumbe ambaye anaambiwa kalala ndani ya boksi hajala.

Maana baada ya hapo huwa wanaleta vitisho. Yule dada alipochelewa siku moja kujibu ile ya 400 alitumiwa ujumbe, nauweka kwa Kiswahili: "Mnyama wako yuko kwenye ghala la uwanja wa ndege, hali yake sio nzuri. Usipolipa ndani ya saa 24 tutalazimika kukuripoti kwa kosa la kumtelekeza mnyama na utafunguliwa mashtaka." Mama wa watu akalala na hofu ya polisi. Polisi wa nchi gani, kwa mbwa gani?

Sasa niwaambie mambo yanavyokwenda kweli, kwa sababu ukijua mbwa wa kweli anasafirije huhitaji kujua ujanja wa matapeli wote, unaona tu mahali pasipoungana.

Mbwa akitoka nje kuja Tanzania, kitu cha kwanza ni kibali cha kuingiza mnyama, kinatoka upande wa mifugo, wizarani. Anayekiomba ni wewe unayepokea au wakala wako wa hapa, na unakiomba kabla mbwa hajatoka huko aliko. Na malipo ya serikali hapa nchini mnajua yanakwenda kwa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu, unapata risiti. Hakuna ada ya serikali ya Tanzania inayolipwa kwa mtu binafsi aliyeko Cape Town, hakuna. Kwa hiyo mtu akikwambia mbwa yuko njiani tayari wakati wewe hujaomba kibali chochote, huna haja ya kusoma barua pepe yake ya pili.

Upande wa kule wanahitaji cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, chipu chini ya ngozi, na chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Na hapa kuna kipimo kizuri tu cha umri. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida inatolewa kuanzia wiki 12, na nchi nyingi zinataka zipite siku 21 au hata 30 baada ya chanjo ndo mbwa avuke mpaka. Piga hesabu, mbwa anakaribia miezi minne. Sasa mtoto wa wiki nane anavukaje mipaka akiwa na cheti kamili cha kichaa cha mbwa? Yule wa dada yetu cheti chake kilikuwepo, kimepigwa muhuri vizuri kabisa, tarehe ya chanjo ni wiki moja baada ya kuzaliwa.

Halafu ndege. Shirika la ndege likishapewa uzito wa mbwa na vipimo vya kreti linakupa bei, au wakala wa kule anakupa, na bei hiyo inajulikana kabla. Siku ya safari mbwa anapelekwa kwenye ofisi ya mizigo, wanakagua makaratasi, wanapima kreti, wanamwangalia mnyama mwenyewe. Kama kuna kitu kimepungua, kreti dogo, cheti hakijakamilika, hela haijatimia, wanamkataa pale pale dirishani. Na mbwa aliyekataliwa anarudi nyumbani na aliyemleta! Hakai ghalani siku tano akisubiri mtu wa Mbagala atume dola 400. Mashirika ya ndege hayataki kabisa kukaa na mnyama hai, ni mzigo wa lawama, wanataka apokelewe na asafiri muda huo huo.

Kuna gharama baada ya kutua, siwadanganyi, zipo, ukaguzi wa daktari wa mifugo uwanjani, forodha, ada za ghala, na mimi wakala nataka changu. Ila hizo zinalipwa hapa, kwa watu wa hapa, mbwa akiwa ameshafika na wewe unaweza kuja kumsikia akibweka.

Na ile namba ya kufuatilia. Hii watu wengi hawaijui kwa hiyo nitaenda taratibu. Mzigo wowote wa ndege unakuwa na namba ya AWB, yaani hati ya kusafirishia mzigo kwa ndege, ni tarakimu 11, herufi hakuna. Tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, kila shirika lina zake, kwa mfano 706 ni Kenya Airways na 071 ni Ethiopian. Zinabaki nane. Katika hizo nane, saba za mwanzo ndo namba yenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki, inapatikana kwa kugawa zile saba kwa 7 na kuchukua kinachobaki. Ndo hivyo tu, simu yako ina kikokotoo.

Yule dada namba yake ya kwanza ilikuwa na herufi ndani, nikamwambia waandikie, waombe AWB. Wakachukua siku nzima. Wakaleta tarakimu 11, nikajua hawa wameenda kusoma kidogo. Nane za mwisho zilikuwa 48200163. Nikachukua 4820016 nikagawa kwa 7, inaingia mara 688573, ambazo ni 4820011, inabaki 5. Namba ya mwisho ilitakiwa iwe 5, wao wameweka 3. Mzigo wenye namba hiyo hauwezi kuwepo kwenye mfumo wa shirika lolote.

Sasa na tapeli anaweza kubahatisha, au akaiba namba halisi ya mzigo wa mtu mwingine. Kwa hiyo hata hesabu ikikubali, fungua mwenyewe tovuti ya mizigo ya lile shirika la ndege, andika anwani kwa mkono wako, usibonyeze linki aliyokutumia, weka namba pale. Itakwambia mzigo umetoka wapi, lini, vipande vingapi, kilo ngapi. Ukikuta kilo 900 za maua ujue sio mbwa wako. Ile tovuti ya "kampuni ya usafirishaji" haina maana yoyote kama kipimo kwa sababu wameitengeneza wao, wanaandika wanachotaka. Ukiweza, ingia kwenye whois, ile huduma ya mtandaoni inayoonyesha tovuti imesajiliwa lini, uweke jina la tovuti hiyo uangalie mstari wa Creation Date, ya dada yetu ilikuwa imesajiliwa wiki tatu nyuma wakati ukurasa wake wa mbele unajisifu wako kazini miaka 15.

Ila kipimo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote hakihitaji kikokotoo wala kompyuta. Msafirishaji umtafute WEWE. Nilimwambia dada aandike hivi: "Nashukuru, nimepata wakala wangu wa Cape Town, atakuja kesho saa nne kumchukua mbwa nyumbani kwako na gharama zote nitamalizana naye, naomba anwani." Na kweli wakala nilikuwa naye, ni mtu ninayefanya naye kazi, alikuwa tayari kuendesha gari akamwone. Jibu likaja baada ya dakika kumi: hapana, mkataba hauruhusu, mbwa tayari yuko mikononi mwa kampuni. Dada akaandika basi wakala ataenda huko kwenye kampuni, wako wapi? Akafungiwa. Namba ya WhatsApp, Facebook, barua pepe, vyote siku moja. Muuzaji wa kweli ungemwambia hivyo angefurahi, umempunguzia kazi ya kuhangaika na makreti.

Mtaniambia mbona na simu ya video inatosha. Inasaidia, mwombe amshike mbwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, wengi watakwambia kamera imeharibika. Lakini mimi naamini zaidi mtu wangu akasimama mlangoni.

Msidhani hii imeanzia kwetu. Kule Marekani utapeli huu umewatesa watu miaka mingi, na wakati wa korona mwaka 2020, watu wamefungiwa ndani wanatafuta mbwa wa kukaa nao, ikawa balaa. Desemba ya mwaka huo waendesha mashtaka wa Marekani kule Pittsburgh walitangaza kumshtaki raia wa Cameroon aliyekuwa anaishi Romania, na ukisoma madai yao unaona ni mchezo ule ule, mbwa wadogo aina ya dachshund kwenye tovuti, mteja akishalipa kampuni ya usafirishaji inaibuka inataka hela zaidi, tena wakaongezea na kwamba mbwa amekutana na virusi vya korona kwa hiyo kuna malipo mengine. Aprili 2022 Google nao wakaenda mahakamani dhidi ya mtu waliyesema yuko Cameroon, juu ya tovuti za kuuza mbwa aina ya basset hound ambao hawakuwepo. Mpaka chama cha kimataifa cha wasafirishaji wanyama, IPATA, kinatoa onyo kwamba nembo yake inaibwa na kubandikwa kwenye tovuti za namna hii. Kwa hiyo ukiona nembo usiridhike, nenda kwenye orodha ya wanachama wao utafute jina la kampuni.

Na wenye kupenda kasuku wa kijivu, neno moja tu. Ndege huyo tangu Januari 2017 yuko kwenye daraja la ulinzi mkali kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, kwa hiyo anayekuuzia wawili kwa bei ya mmoja halafu anakuomba "hela ya CITES" kwa WhatsApp, ama hana ndege ama anakuingiza kwenye kesi.

Za hapa ndani zipo pia, ndogo ndogo. Jamaa yuko Arusha anauza German Shepherd, laki moja na nusu, picha safi. Unatuma nusu. Halafu nauli ya basi elfu 40. Halafu kreti. Halafu saa nane usiku "kaka gari limesimamishwa Chalinze, wanataka kibali cha mbwa, tuma elfu 60 kwenye namba hii". Jina linalokuja ukitaka kutuma ni la mwanamke wa Mbeya. Hapa ni rahisi zaidi kuliko nje, una shangazi Arusha, una mtu wa chuo, una bodaboda, mtume mtu aende amwone huyo mbwa. Na kama ni kweli amepakiwa, ofisi ya basi inatoa risiti ya kifurushi, ina namba ya gari, piga ofisini kwao uulize.

Kuna mzee hapa nyuma ameuliza swali zuri, kwamba na waliokwishapigwa wafanye nini. Mzee, ukweli ni kwamba dola 750 za yule dada hazijarudi. Kinachoamua ni kasi. Kama umetuma kwa simu, piga mtandao wako dakika hiyo hiyo waizuie kabla jamaa hajatoa, akishatoa ni habari nyingine. Ile namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, ni ya wote hapa Tanzania. Wa Kenya, kwa M-Pesa, ile meseji ya muamala unaifowadi kwenda 456. Kama umelipa kwa benki au kadi, nenda benki na uchapishe mazungumzo yote, usifute kitu hata kama unaona aibu, halafu polisi upate RB maana benki wataiulizia.

Na mjue kuna awamu ya pili. Wiki mbili baada ya kupigwa unapata ujumbe, mwanasheria, au "kitengo cha kurejesha fedha", anajua kiasi ulichopoteza mpaka jina la mbwa. Anajuaje? Kwa sababu ni wale wale, au wameuziana orodha. Atakwambia hela imekamatwa, iko tayari, kuna ada ndogo tu ya kufungua faili. Yule dada aliombwa dola 95. Safari hii alinipigia kabla hajatuma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye mbwa anayekuja mwezi huu na hajaomba kibali anifuate pale nje.